Kabla hujaitisha bunge la kaunti la kuigiza na vijana wako, soma hii kwanza

Hii ni ya walimu na viongozi wa vikundi vya vijana wanaopanga somo la uraia lenye kikao cha kuigiza cha bunge la kaunti, hasa nyinyi wa Amu, Mokowe na visiwa vya huko juu. Nimekaa kwenye vikao vya kuigiza na nimekaa kwenye vya kweli, na nimeona watu wazima wakipoteza mwaka mzima kwa vitu ambavyo wangefundishwa shuleni visingewapata. Kwa hivyo shikeni haya kabla hamjapanga viti.

Siku na saa kwanza. Usiweke Ijumaa mchana. Kama una vijana wa Faza au Kizingitini muulize nahodha kabla hujatangaza saa, maana maji yakipwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki ovyo ovyo, na kijana akifika kikao kimekwisha huyo hujamfundisha kitu. Na hilo lenyewe lifanye swali la darasa: kikao cha kweli kikiitwa saa nne asubuhi siku ambayo wavuvi wako baharini, maoni ya wavuvi yatatoka kwa nani?

Majukumu: Lamu tuna wadi 10 basi weka wawakilishi wa wadi 10, spika, karani mmoja anayejua kuandika haraka, afisa wa mipango anayejua hesabu, waliobaki wote ni wananchi. Usiwaruhusu wote wagombanie uspika, somo lenyewe liko upande wa mwananchi. Na wananchi wasipige kura mwisho wa kikao! Nimeona hili mara nyingi, watu wananyoosha mikono halafu wanatangaza "tumepitisha". Hapana. Katiba kifungu cha 196 inalazimisha bunge la kaunti lifanye kazi zake wazi na liwashirikishe watu, lakini wanaopitisha ni wawakilishi. Kazi ya mwananchi ni kuhakikisha alichosema kimeingia kwenye maandishi na kimejibiwa, na kijana akitoka hapo akidhani ushiriki wa umma ni kura basi siku ya kweli ataenda nyumbani akijua ameshinda kumbe hata hajaandikwa.

Suala la kujadili liwe moja na liwe kazi ya kaunti. Choo cha bandari ya samaki, taa za sola, zahanati, chekechea, hizo ni za kaunti. Darasa la shule ya msingi si la kaunti, polisi si wa kaunti. Mimi huwa nachomeka ombi moja la darasa la msingi katikati kwa makusudi, nione kama kuna kijana atasimama aseme hili lipelekwe kwa mbunge kwenye mfuko wa eneo bunge. Asiposimama mtu, simamisha kikao uwaeleze papo hapo.

Karatasi zifike mapema. Ukiwapa vijana orodha ya miradi na bei zake asubuhi ya kikao umewafundisha vibaya, wape siku kadhaa wakae nayo, waulize wazazi nyumbani. Hapa Lamu tuna mfano mkubwa wa jambo hili, ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi. Leseni yake ya mazingira ilifutwa tarehe 26 Juni 2019 na jopo la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira, na sababu moja kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa watu. Mikutano ilifanyika, watu walikaa wakasikiliza, lakini ilifanyika kabla ripoti ya athari haijakamilika, na ilipokamilika hakuna aliyeirudisha kwa wananchi waisome na waulize. Mwambie kijana hivyo hivyo. Na siku akienda ofisi akanyimwa karatasi, kuna sheria ya kupata habari ya mwaka 2016, anaandika barua ya kuomba, afisa ana siku 21 za kumjibu na hana haki ya kumuuliza unaitakia nini.

Sasa hili linalofuata ndo kubwa, na kama hamna muda wa mengine fanyeni hili peke yake: tarehe na maandishi.

Kuna wadi moja huku pwani, siitaji, kina mama wa samaki walikuwa wanataka choo pale samaki wanaposhushwa. Wanaingia alfajiri wanatoka adhuhuri, choo hakuna, wanazunguka nyuma ya vichaka au wanabana mpaka warudi majumbani. Likatangazwa baraza la maoni ya bajeti, ilikuwa Mei. Wakaenda wengi, wakapanga msemaji, mama mmoja mtu mzima anayejua kuongea, na alisema vizuri mpaka watu wakapiga makofi. Mwakilishi akasema nimesikia mama zangu. Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, kila mtu akaandika jina na namba ya simu na sahihi, soda zikanywewa, wakarudi wamefurahi.

Bajeti ikapita Juni, choo hamna. Msemaji akaenda ofisini kuuliza, mimi nilikuwa naye. Kijana wa pale alikuwa na adabu zake, akamwambia, "Mama, barua yenu iko wapi?" Akamjibu, "Mwanangu, tulisema mbele ya watu wote, na sahihi tuliweka." Yule kijana akafungua ripoti ya kikao akatuonyesha. Baraza lao zima lilikuwa limeandikwa mstari mmoja, kwamba wakazi waliomba maendeleo na waliunga mkono bajeti. Na ile karatasi ya mahudhurio imebandikwa nyuma kama ushahidi, majina yao wote na sahihi zao, kwamba waliunga mkono bajeti isiyo na choo chao. Yule mama alikaa kimya muda mrefu sana akiangalia sahihi yake.

Mambo mawili yaliwaponza. La kwanza ni kalenda. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza 1 Julai, lakini miradi yake inapangwa mapema mno. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bungeni kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, ndani yake ndo miradi inaorodheshwa. Kufikia 28 Februari inafika taarifa ya mkakati wa fedha, hiyo inaweka kila idara itapata kiasi gani. Kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yako bungeni, kamati inaita wananchi, na kabla ya 30 Juni inapitishwa. Kwa hivyo mtu anayekuja Mei na mradi mpya amekuta viwango vimeshakatwa, kamati inaweza kusogeza vitu kidogo tu. Mei ni wakati wa kukagua kama mradi wenu uliopangwa bado umo na pesa yake haijapunguzwa. Wakati wa kuomba ni Julai na Agosti, na Agosti watu wengi hata hawajui kuna kitu kinaandikwa.

La pili ni maandishi. Mwaka uliofuata wakaandika barua, ukurasa mmoja: nini wanataka, wapi hasa, wanaotumia ni kina nani, na kwa nini ni kazi ya kaunti. Wakatoa nakala mbili, moja wakaiacha ofisini na nyingine ikapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe wakarudi nayo. Barazani wakasoma kutoka kwenye barua hiyo hiyo. Kwenye karatasi ya mahudhurio wakasoma kichwa chake kwanza kabla ya kuweka sahihi, wakaipiga picha kwa simu. Mradi ukaingia kwenye mpango, Aprili wakaukuta kwenye makadirio, na choo kikajengwa. Maji yalichelewa kuunganishwa maana hakuna aliyeyaandika kwenye barua, wakalazimika kuyaombea upya.

Kwa hivyo kikao chenu cha kuigiza kifanyeni mara mbili na ombi lile lile. Bandika kalenda ukutani. Mara ya kwanza sema leo ni Mei, wananchi waombe kwa mdomo, karani aandike anavyoweza huku kelele zinaendelea. Kikiisha karani asome alichoandika kwa sauti, na kila mwananchi atafute maneno yake. Mara nyingi nusu hawajikuti, na hapo utaona sura zinabadilika, hakuna maelezo ya mwalimu yanayoweza kufanya kazi hiyo. Mara ya pili sema leo ni Agosti, kila kikundi kije na ukurasa mmoja, karani apokee agonge muhuri, hata wa kuchonga kwenye kiazi.

Halafu wape pesa isiyotosha. Mimi hutumia milioni 10 za kuigiza na miradi minne: choo milioni 3, taa milioni 4, darasa la chekechea milioni 3.5, ukarabati wa zahanati milioni 5. Jumla ni 15.5, lazima kitu kitoke. Wawakilishi wakikata mradi waandike sababu na spika aisome mbele ya waliouomba. "Pesa haitoshi" si sababu, kwa sababu haikutosha kwa wote, swali ni kwa nini huu umetoka na ule umebaki. Ukiwaona wanabakisha mradi wa rafiki zao bila kuandika kitu wasimamishe, waandike upya. Kuna kijana mmoja wa wadi ya Hindi alipendekeza taa zipunguzwe nusu ili chekechea ibaki, akapiga hesabu ubaoni, 3 na 2 na 3.5 ni 8.5, ikabaki milioni moja na nusu, wakabishana nusu saa nzima kama itoshe kuezeka zahanati tu. Mabishano ya namna hiyo usiyakatize.

Mengine ni ya haraka. Mwenye ulemavu apate nafasi ya kuongea bila kusubiri aulizwe. Wasichana wasipewe kazi ya kugawa soda. Ukialika mwakilishi wa kweli mwambie dakika zake kabla hajashika maiki, na aje kusikiliza. Mtu anayegombea akijitolea kununua fulana au chakula mkatalie kwa heshima, mwakani picha hizo utaziona kwenye mabango yake. Picha za watoto wadogo omba ruhusa ya wazazi kwanza. Na ile ripoti ya karani msiitupe, ichapeni fotokopi, ikiwa ombi ni la kweli ipelekeni ofisi ya wadi kabla Agosti haijaisha na mdai muhuri.