Kalavati ya barabara ya kijiji: anza na mdomo wa kutokea maji

Kalavati nyingi ndogo huharibika kuanzia upande wa chini. Maji yaliyotawanyika juu yanabanwa ndani ya bomba, yanatoka kwa kasi na kuchimba shimo, kisha shimo linarudi nyuma kuifuata barabara.

1. Kadiria maji. Kwa eneo dogo la mteremko tumia:

```
Q = C × i × A ÷ 360
```

Q ni mita za ujazo kwa sekunde, C ni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi, i ni milimita za mvua kwa saa, A ni hekta. Tuseme mashamba ya hekta 9 yanamwaga maji kwenye kivuko kimoja, C ni 0.4 na mvua kubwa ni milimita 80 kwa saa. Unapata 0.8.

2. Chagua bomba. Maji yakifika usawa wa juu wa mdomo wa kuingilia, bomba la milimita 600 hupitisha takriban 0.3, la 900 takriban 0.8. Hapa weka la 900. Mabomba mawili ya 600 hayatoshi, na matawi yatayaziba upesi zaidi.

Bomba la 900 linahitaji pia udongo wa sentimita 60 hivi juu yake. Kama barabara iko chini na huwezi kuinyanyua, au kijito kinaleta mchanga mwingi, achana na bomba ujenge drifti: bamba la zege linalofuata usawa wa kijito, kingo zake zikipanda pande zote mbili hadi juu ya alama ya mafuriko.

3. Panga usawa. Piga kigingi cha kwanza upande wa kutokea, usawa wa sakafu ya kijito. Kwa mteremko wa asilimia 3, bomba la mita 7 linapanda sentimita 21 kuelekea juu. Anza kulaza vipande kutoka chini. Mdomo ukining'inia juu ya ardhi umejenga maporomoko, na hakuna jiwe dogo litakalovumilia hapo.

4. Jenga kuta za midomo. Zinashikilia tuta na kuzuia maji yasipenye pembeni mwa bomba. Msingi uende chini kuliko sakafu ya bomba. Shindilia udongo wa pembeni tabaka kwa tabaka, pande zote kwa pamoja.

5. Linda kutokea. Hapa usibane matumizi. Tandaza mawe ya sentimita 20 hadi 30, yakipandana, unene wa sentimita 50, juu ya changarawe ili udongo usinyonywe katikati yake. Urefu uwe mara nne ya kipenyo, yaani mita 3.6, na upana uongezeke kadiri unavyokwenda mbali. Mwishoni chimba mtaro wa kina cha mita moja, ujaze mawe makubwa: maji yakichimba mbele, mawe haya yanaporomokea shimoni na kulisimamisha.

Rudi baada ya mvua kubwa ya kwanza. Chomeka fimbo chini ya ukuta wa kutokea. Ikizama kwenye uwazi, jaza mawe kabla ya mvua nyingine. Ukiona ufa wa wima kwenye ukuta, chimba uone msingi, kwa sababu kupaka saruji juu ya ufa huo kunaficha tu udongo uliokwisha ondoka.