Kiolezo kimoja kwa ripoti zote za matukio kazini

Tuchukue bekari yenye wafanyakazi wanane. Mmoja huandika tukio kwenye daftari, mwingine hutuma ujumbe wa sauti, mwingine humwambia bosi jioni. Ili wote waripoti kwa mpangilio mmoja, fanya hivi.

1. Anza na ripoti za zamani. Kusanya tano au sita, ujumbe wa simu ukiwemo. Pembeni mwa kila sentensi andika inajibu swali gani. Maswali yanayojirudia ndiyo vichwa vya kiolezo chako. Ongeza na yale uliyolazimika kumpigia mtu simu kuyauliza, maana hayo ndiyo husahaulika.

2. Panga vichwa, visizidi ukurasa mmoja. Kwa bekari hii vinatosha hivi:

- Namba ya ripoti
- Tarehe na saa ya tukio
- Tarehe ya kuandika, na jina la mwandishi
- Mahali hasa
- Waliohusika na walioshuhudia
- Kilichotokea
- Kilichofanyika papo hapo
- Chanzo
- Marekebisho: nani, lini

Tarehe mbili zinahitajika kwa sababu ripoti nyingi huandikwa kesho yake. Kenya, kwa mfano, sheria ya fidia ya majeraha kazini (WIBA) ya 2007 humpa mwajiri siku 7 tangu apate habari za ajali kuiripoti serikalini, kwa hiyo tarehe ikikosewa hesabu nzima inaharibika.

Upande wa saa, amueni mfumo mmoja. "Saa 11:40" ya mkandaji ni 05:40 kwenye kamera. Asipoandika "alfajiri", utaitafuta picha ya saa tano na dakika arobaini asubuhi.

3. Weka mstari wa maelekezo chini ya kila kichwa. Panapoharibika zaidi ni "Kilichotokea", kwa kuwa watu huingiza lawama: "Alikuwa mzembe, akateleza." Elekeza: *andika kilichoonekana au kusikika tu, kwa mfuatano*. Ripoti itasomeka hivi:

Kilichotokea: Mkandaji alibeba trei ya maandazi, akakanyaga maji mbele ya friji, akaangukia kiwiko cha kulia.
Papo hapo: Kiwiko kiliwekwa barafu, sakafu ikapigwa deki.
Chanzo: Bomba la friji la kutolea maji limeziba.
Marekebisho: Msimamizi wa zamu kumwita fundi friji, kabla ya Ijumaa.

"Tutakuwa makini zaidi" usiikubali kwenye marekebisho. Haina mtu wala siku, na hakuna anayeweza kwenda kukagua kama imefanyika.

4. Kataza kufuta kichwa. Pasipo na jibu iandikwe "Hakuna" au "Bado haijajulikana". Nafasi tupu haielezi kama hapakuwa na shahidi au hakuna aliyeuliza.

5. Kijaribu kiolezo. Wape watu wawili tukio lilelile, kila mmoja ajaze peke yake. Mmoja akiweka bomba lililoziba kwenye "Kilichotokea" na mwenzake kwenye "Chanzo", kosa ni la mstari wako wa maelekezo. Uandike upya kabla ya kuchapa nakala za zamu zote.