Somo: Kurudisha BIOS kwenye mipangilio ya awali kwa jampa au betri, na lini usiguse

Wakuu, somo hili linahusu kompyuta ya mezani iliyogoma baada ya mtu kubadilisha kitu ndani ya BIOS. Nitatumia mashine niliyoletewa na kijana mmoja. Aliwasha XMP ili RAM iende kasi zaidi, akahifadhi, na tangu hapo feni zinazunguka lakini skrini nyeusi tii. Kurudi BIOS kurekebisha hawezi, maana haoni kitu. Hiyo ndiyo hali inayostahili kufuta CMOS, yaani kumbukumbu inayohifadhi mipangilio ya BIOS. Kama BIOS bado inafunguka, usifungue keisi: piga picha kila ukurasa kwa simu, kisha chagua Load Optimized Defaults.

Kabla ya kushika bisibisi, muulize mwenye mashine mambo mawili: je, diski imefungwa kwa BitLocker? Je, kuna diski mbili zilizounganishwa kwa RAID? Nitaeleza sababu huko mbele.

1. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma tupu cha keisi kabla ya kugusa madabodi.

2. Tafuta pini zilizoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1. Mara nyingi haziko mbali na betri. Zikiwa mbili, zigusanishe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde 10. Zikiwa tatu, jampa, yaani kile kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili, hukaa 1-2. Ihamishie 2-3 kwa sekunde 10, kisha irudishe 1-2. Usipoona maandishi, fungua mwongozo wa madabodi hiyo. Usibahatishe, kwani kuunganisha pini zisizo zake kunaweza kuua bodi.

3. Kama pini hazipo, toa betri ya CR2032. Sukuma kishikizo chake pembeni, itaruka yenyewe. Iache nje dakika 10. Ukiwa na mita, ipime: nzima inasoma volti 3 au zaidi kidogo, ikiwa chini ya 2.7, weka mpya.

4. Rudisha kila kitu, washa, kisha subiri. Mara ya kwanza mashine inaipima RAM upya, na inaweza kukaa kimya dakika nzima au kujizima na kujiwasha. Wengi huchomoa waya hapo, wakadhani imekufa. Ikiwaka, ingia BIOS, weka tarehe na saa, kisha F10. Tarehe ikiachwa ya zamani, tovuti nyingi zitakataa kufunguka.

Ile mashine ya kijana iliwaka, lakini Windows ikaleta skrini ya bluu:

```
INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE
```

Diski zake mbili zilikuwa kwenye RAID, na mipangilio ya awali ya bodi ile ni AHCI. Mafaili yalikuwa salama, ila Windows haikuweza kuifikia diski yake. Niliingia BIOS, nikarudisha RAID, F10, ikafunguka. Kama mtu angekimbilia kuweka Windows upya, angefuta data nzima iliyokuwa haina tatizo lolote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, na hiyo BitLocker inaingiaje hapa?

Jibu: Kufuta CMOS kunaweza kubadilisha Secure Boot au kuzima TPM. BitLocker ikiona mabadiliko hayo inadai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo diski haifunguki. Mashine ikiwa bado inawaka, fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike ufunguo kwenye karatasi:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Ikiwa skrini tayari ni nyeusi, tafuta kwa simu kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Mashine ya ofisi, waulize watu wa IT. Ufunguo usipopatikana, usifute kwanza.

Swali: Fundi, nimenunua laptopu ya mtumba, inadai paswedi ya BIOS. Nikitoa betri itaondoka?

Jibu: Kwa laptopu nyingi za kiofisi, hapana. Paswedi inakaa kwenye chipu isiyohitaji betri, kwa hiyo utafungua mashine bure. Rudi kwa muuzaji na risiti. Asipoweza kuitoa paswedi hiyo, dai pesa yako, maana huenda mashine si yake.

Swali: Kaka, umeme ulikatika nikiwa nina-update BIOS, sasa haiwaki. Nifute CMOS?

Jibu: Pole sana. Kufuta CMOS kunaondoa mipangilio tu. Programu yenyewe ya BIOS iko kwenye chipu nyingine, na hiyo ndiyo iliyoharibika. Angalia kama bodi yako ina kitufe cha BIOS Flashback, kinachosoma faili kutoka kwenye flashi. Kama haina, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuiandika chipu hiyo upya.