Namna ya kusoma CH50 na AH50 ili kujua komplementi imekatikia wapi

Kijana wa miaka 17 amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na meningokoki, na hii ni mara yake ya pili. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 12. Daktari wake anaandika kwenye fomu: "Chunguza komplementi." Mimi hufanya kazi hii maabara, na hapa nitaonyesha ninavyofuata njia tatu za komplementi, yaani protini za damu zinazosaidia kuua bakteria, hadi mahali zinapokutana, nikitumia vipimo viwili tu mwanzoni, CH50 na AH50.

Hatua ya 1: Chora ramani kabla ya kugusa sampuli

Njia ya klasiki huanza pale C1q inaponasa kingamwili zilizokwisha kushika adui. IgM moja iliyoshika vizuri inatosha, lakini IgG huhitaji kadhaa zilizosogeleana. C1q huamsha C1r, nayo huamsha C1s, ambayo hukata C4 kisha C2. Vipande vyake vinavyobaki juu ya utando huungana kuwa kimeng'enya kinachokata C3.

Njia ya lektini haihitaji kingamwili. Lektini inayoshika manosi, pamoja na fikolini, hutambua sukari zilizo juu ya bakteria, na vimeng'enya vinavyoambatana nazo, hasa MASP-2, hukata C4 na C2 zilezile. Kwa hiyo kuanzia C4 kwenda chini, njia hizi mbili ni moja.

Njia mbadala haisubiri kutambua chochote. C3 hujifungua yenyewe kidogo kidogo muda wote ndani ya plazma. Kipande cha C3b kikitua juu ya utando usio na ulinzi, hushika kipengele B, kipengele D hukikata hicho B, na properdini huimarisha muungano huo usivunjike upesi. Hapo pia tumepata kimeng'enya kinachokata C3, ila kimejengwa kwa vifaa vingine. Kila C3b mpya inaweza kuanzisha kimeng'enya kingine, kwa hiyo njia hii hukuza hata kazi iliyoanzishwa na zile mbili.

Makutano yenyewe ni C3. C3b ya ziada ikijiunga na kimeng'enya chochote kati ya hivyo viwili, hicho huanza kukata C5. Baada ya C5 hakuna kinachokatwa tena. Kinachofuata ni kujengana tu. C5b hushika C6, kisha C7, na muungano huo hujichomeka kwenye mafuta ya utando. C8 huzama zaidi, halafu C9, hadi 18 hivi, hujipanga kuwa duara lenye tundu la nanomita 10 hivi katikati. Hilo ndilo changamano la kushambulia utando.

Hatua ya 2: Linda sampuli

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Tunataka seramu, si plazma ya EDTA. EDTA hunyang'anya kalsiamu na magnesiamu, na bila madini hayo hakuna njia hata moja itakayofanya kazi ndani ya kipimo. Acha damu igande, izungushe, tenga seramu upesi na uigandishe kwenye nyuzi -70 au chini zaidi. Friji ya kawaida haitoshi kwa siku nyingi.

Niliwahi kupokea seramu iliyoachwa mezani wikiendi nzima bila mtu kuniambia. CH50 ilikuwa karibu sifuri, C3 na C4 zikawa za kawaida, nami nikakaribia kuandika kwamba mgonjwa amezaliwa na upungufu. Kipimo cha C3 na C4 huhesabu protini iliyopo, hata kama imeshapoteza nguvu. Tangu siku hiyo sitoi jibu la sifuri bila sampuli ya pili.

Hatua ya 3: Fanya CH50

CH50 ni kiasi cha seramu kinachopasua asilimia 50 ya chembe. Tunatumia chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili. Seramu huchanganywa nazo kwa nyuzi 37, na chembe zinapopasuka himoglobini humwagika na kupimwa kwa mwanga. Hapa njia ya klasiki ndiyo inayowasha moto, kwani seramu imezimuliwa sana kiasi kwamba njia mbadala haiwezi kujianzisha yenyewe. Ili chembe zipasuke, C1 hadi C8 zote lazima ziwepo, na C9 huharakisha kazi.

Kwa kijana wetu, mirija yenye chembe zilizopasuliwa zote kwa maji ilisoma 0.90, ile isiyo na seramu 0.05, na ya kwake, hata kwenye seramu nzito kuliko zote, 0.07:

```
(0.07 - 0.05) / (0.90 - 0.05) = 0.024
```

Yaani asilimia 2.4 tu. Haikaribii 50, kwa hiyo CH50 yake haipo.

Hatua ya 4: Fanya AH50

Sasa tunabadilisha chembe na maji ya kipimo. Chembe za sungura zina asidi ya siali kidogo, hivyo kipengele H cha binadamu hushindwa kuzilinda, na C3b huzishika kwa urahisi. Ndani ya maji tunatia EGTA pamoja na magnesiamu. EGTA huchukua kalsiamu, ambayo njia ya klasiki na ya lektini haziwezi kuikosa, na magnesiamu inaachiwa njia mbadala.

AH50 ya kijana nayo ilikuwa sifuri.

Hatua ya 5: Tafuta mahali pa mkato

CH50 ikiwa sifuri huku AH50 ikiwa ya kawaida, tafuta C1, C4 au C2. Ikiwa kinyume chake, tafuta B, D au properdini. Zote mbili zikiwa sifuri, mkato uko kwenye makutano au chini yake. C3 ya kijana ilikuwa ya kawaida kwenye sampuli ya pili pia, kwa hiyo tumebaki na C5 hadi C8. C9 naiweka pembeni, kwa sababu mtu asiye nayo huonyesha CH50 iliyoshuka, si sifuri: C5b hadi C8 peke yake hutoboa polepole.

Angalia kwamba vipimo hivi viwili havioni njia ya lektini. Mtu asiye na lektini ya manosi atapata majibu ya kawaida kabisa. Yeye anahitaji kipimo chake, chenye sahani iliyopakwa manani.

Na kabla ya kuendelea, uliza kama mgonjwa anatumia ekulizumabu. Dawa hiyo hushika C5 na kutoa picha hiihii. Kijana hakuwa akiitumia.

Hatua ya 6: Changanya seramu

Seramu ya kijana ilichanganywa na seramu ya mtu mzima mwenye afya, na CH50 ikarudi. Hiyo inaonyesha kwamba kuna kitu kinakosekana, wala si kwamba kuna kizuizi kinachoua kipimo. Kisha nikaichanganya, nusu kwa nusu, na seramu ambazo kila moja imeondolewa protini moja. Pamoja na isiyo na C5, chembe zilipasuka. Isiyo na C7, zilipasuka. Isiyo na C8, zilipasuka. Isiyo na C6, hakuna kilichotokea, maana seramu zote mbili zilikosa kitu kilekile.

Kipimo cha kiasi cha C6 kilithibitisha kwamba hakukuwa na protini hiyo. Ndiyo maana meningokoki humrudia: bakteria huyu huuawa hasa kwa kutobolewa, na kijana hawezi kutengeneza tundu. Maambukizi mengine mengi huyamudu, kwa sababu C3b bado huwawekea alama bakteria ili seli zinazomeza ziwale.

Kwenye ripoti niliandika: achanjwe dhidi ya meningokoki za makundi A, C, W na Y, na B kwa chanjo yake, na nduguze wa baba na mama mmoja waletwe. Upungufu huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwa kila ndugu uwezekano ni mmoja kati ya wanne. Kwao anza na CH50 peke yake. Chembe zilizopasuka zisipofika asilimia 50, ndipo uendelee na C6.