Ofa iko mkononi, usaili mwingine haujajibiwa

Wadogo zangu mnaotafuta kazi hapa Arusha, kabla hujakataa ofa kwa sababu unasubiri majibu ya kwingine, soma kwanza kipengele cha notisi ya kuacha kazi kwenye mkataba.

Binti wa dada yangu alipewa ofa ya uhasibu kwenye kampuni ya utalii, laki sita kwa mwezi, ajibu kabla ya Ijumaa. Wakati huo alishafanya usaili Moshi, kwenye mshahara mnono zaidi. Nikamwambia awapigie wa Moshi Jumatatu asubuhi: "Nina ofa ya maandishi, natakiwa kujibu Ijumaa. Majibu yenu yanatoka lini?" Akaambiwa "tutakujulisha", basi. Wangetaja tarehe ya karibu, angeomba Arusha wamwongezee siku mbili tatu, kwa maandishi. Lakini "tutakujulisha" haina tarehe, na kodi ya chumba ina tarehe.

Akasaini. Kwa sheria ya ajira ya 2004, ndani ya mwezi wa kwanza notisi haipungui siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa mwezi hutoa siku zisizopungua 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ndiyo maana nasisitiza kuusoma. Ukiwa wa muda maalumu, angalia kama unaruhusu kabisa kuondoka kabla haujaisha, maana hapo ndipo wengi hunaswa.

Moshi hakuwaandikia kujitoa. Wakimwita, anajua ana siku ngapi za kuaga.