Barua ya mhazini kuhusu sikukuu ya mwaka: kutoka hesabu ya sahani hadi mchango wa kila mtu

Nimekuwa mhazini wa kamati ya sikukuu ya kanisa kwa miaka kadhaa. Kila mwaka barua ya mchango ndiyo inayonichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, maana waumini watavumilia kiwango kikubwa kilichoelezwa vizuri kuliko kiwango kidogo wasichokielewa. Hapa ninaonyesha jinsi ninavyoiandaa, kwa mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi barua yenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu sahani, kisha hesabu mifuko

Chukua karatasi na uandike orodha mbili zilizo mbali mbali. Ya kwanza ni ya watakaokula, ya pili ni ya watakaolipa. Zikichanganywa, barua nzima inaharibika.

Katika mfano wetu watakaokula ni 240: waumini watu wazima 160, watoto 60 na wageni 20. Wapishi na wahudumu wawe tayari ndani ya wale 160. Hakikisha hilo, kwa sababu ndio wanaosahaulika na ndio wanaokula mwisho. Mtoto wa chini ya miaka 12 ninamhesabia nusu sahani, kwa hiyo watoto 60 ni sahani 30. Jumla inakuwa sahani 210. Naongeza asilimia 5 hivi kwa wanaofika bila kujiandikisha, nafikia sahani 220. Zaidi ya hapo unapika chakula cha kutupa.

Hatua ya 2: Geuza sahani kuwa kilo

Vipimo vyote unavyovitumia viwe vya chakula kibichi, maana hicho ndicho kinachonunuliwa. Wajumbe wengi wa kamati hubishana kwa sababu mmoja anafikiria nyama iliyo kwenye buchari na mwingine anafikiria nyama iliyo kwenye bakuli.

Mchele mkavu ninaupigia gramu 120 kwa sahani. Ukiiva unafikia karibu mara mbili na nusu ya uzito wake, yaani gramu 300 hivi mbele ya mlaji, na hapo nimeshakumbuka ukoko unaobaki chini ya sufuria. Gramu 120 mara 220 ni kilo 26 na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo naandika kilo 27.

Nyama ndiyo inayohitaji maelezo zaidi. Nikinunua yenye mifupa, natumia gramu 250 kwa sahani. Robo hivi ya uzito huo inaweza kuwa mifupa. Inayobaki ikipikwa inatoa maji na mafuta, ikipungua karibu theluthi moja. Mlaji anabaki na gramu 120 hadi 130 za nyama ya kutafuna, yaani vipande vitatu vinne vya wastani. Kwa sahani 220 ni kilo 55. Ukinunua steki isiyo na mfupa, gramu 180 zinatosha, lakini linganisha bei kabla ya kufurahia kilo kupungua.

Maharage hufanya kinyume cha nyama: makavu huongezeka zaidi ya mara mbili yakiiva. Gramu 50 kwa sahani zinatosha yakiwa kitoweo cha pembeni, na hiyo ni kilo 11. Mboga, mafuta, vitunguu, nyanya na chumvi muulize mpishi mkuu, umpe idadi ya sahani naye akupe kilo. Yeye anajua sufuria zake kuliko mimi.

Hatua ya 3: Pata jumla, kisha gawa kwa wanaolipa

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, weka fedha na bei za kwenu. Tuseme chakula chote ni 1,150,000. Kuni, usafiri, kukodi sufuria na sahani, na maji ya kunywa ni 270,000. Hiyo ni 1,420,000. Naongeza akiba ya karibu asilimia 10, yaani 140,000, kwa sababu bei ya siku ya kuulizia si lazima iwe bei ya siku ya kununua. Jumla ni 1,560,000.

Hapa ndipo nilipokosea mwaka wangu wa kwanza. Niligawa jumla kwa idadi ya walaji. Kwa mfano huu ingekuwa 1,560,000 kugawa kwa 240, sawa na 6,500 kwa kila mtu. Kiwango kilipendwa sana. Lakini watoto hawalipi, wageni hawalipi, na wapo wajane na wazee ambao kamati yenyewe imewasamehe. Orodha ya mfano ya wanaolipa ilitoa watu 130 kati ya wale 160. Wote 130 wakilipa 6,500 unapata 845,000, na upungufu ni 715,000, karibu nusu ya sherehe. Kwangu upungufu ulijulikana siku ya kwenda kununua nyama, na wajumbe watatu wakalazimika kukopesha kamati.

Kiwango sahihi ni 1,560,000 kugawa kwa 130, yaani 12,000. Hiyo 130 usiibuni. Ifungue daftari la mwaka uliopita, uhesabu waliolipa kabla ya tarehe ya mwisho, usiwahesabu walioahidi.

Muumini akijitolea kitu, mathalani kilo 10 za mchele, ondoa kilo hizo kwenye orodha ya manunuzi kwanza, ndipo upige hesabu ya fedha upya. Ukimwandikia thamani ya kukisia, utagombana na watu.

Hatua ya 4: Andika barua

Ukurasa mmoja unatosha. Hii ndiyo sura ya barua yangu:

> Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.
>
> Kamati inatarajia kuwalisha watu 240, wakiwemo watoto 60 na wageni 20. Tutanunua mchele kilo 27, nyama yenye mifupa kilo 55 na maharage kilo 11, pamoja na mboga na viungo. Nyama inaonekana nyingi kwa sababu mifupa na kupikwa huondoa karibu nusu ya uzito wake.
>
> Gharama yote, pamoja na akiba ya bei kupanda, ni 1,560,000. Tumeigawa kwa waumini 130 wanaotarajiwa kuchangia, hivyo kila mmoja anaombwa 12,000. Watoto na wageni hawachangii. Asiyeweza kiasi hiki amwone mhazini kwa faragha. Hakuna atakayenyimwa chakula.
>
> Tafadhali lipa siku 10 kabla ya sikukuu, maana siku inayofuata tunalipia nyama. Kila mchango utapewa risiti. Fedha ikibaki, kamati itasoma hesabu mbele ya waumini, nao wataamua matumizi yake.
>
> Mhazini wa Kamati

Sentensi ya faragha usiiache. Bila hiyo, asiye na uwezo haji kabisa, na sahani yake inapikwa bure.

Hatua ya 5: Siku ya kufunga mchango

Jioni ya tarehe ya mwisho, hesabu fedha ukiwa na mjumbe mwingine, nyote mtie saini. Zikifika 1,420,000, nunua kama ilivyopangwa, ila akiba haipo tena. Zikiwa pungufu, usipunguze kila kitu kidogo kidogo, maana sahani zote zitaonekana haba. Punguza nyama hadi gramu 200, upandishe maharage hadi gramu 70: kwa sahani 220 nyama inashuka kwa kilo 11 na maharage yanaongezeka kilo 4 na nusu hivi. Mweleze mpishi usiku huohuo, kwa sababu maharage ya ziada yanahitaji sufuria nyingine na kulowekwa mapema.

Wanaolipa baada ya hapo wapokee kwa risiti kama wengine, lakini fedha yao iandikwe ukurasa wa pekee, isiingie kwenye manunuzi ya nyama ambayo yameshafanyika.