Tangazo la bidhaa linakuletea wateja wapya au unalipia waliokuwa wako? Pima hivi

Nimetoka kumsaidia rafiki yangu anayeuza mtandaoni, matangazo yake kwenye ripoti yanang'aa ila faida haionekani, nikaona niandike.

1. Jua faida yako kwa kipande. Bei toa gharama ya mzigo, ada ya soko na usafiri. Tuseme unauza 1,000 na unabaki na 300, yaani 30%.

2. Pakua ripoti ya maneno ya utafutaji. Ifungue kwenye Excel, usitegemee dashibodi maana wastani wake unaficha mengi. Chagua neno moja linalokula hela kuliko yote. Mfano wetu: wiki mbili limekula 6,000, limeuza vipande 30, yaani mauzo ya 30,000. ACoS, yaani gharama ya tangazo ukigawa kwa mauzo yake, ni 20%, iko chini ya faida yako ya 30%, kwa hiyo ukiishia hapa utasema unapata.

3. Tafuta neno hilo kwenye dirisha la faragha. Ruka zote zenye alama ya tangazo, hesabu uko wa ngapi kwenye matokeo ya bure. Kama uko ukurasa wa tatu huko, acha tangazo liendelee, bila hilo hakuna anayekuona. Ukiwa kwenye tano za kwanza, endelea.

4. Zima neno hilo wiki tatu. Hapa ndipo watu wanapoteza muda bure. Ukilizima kwenye kampeni ya mkono, ile unayochagua maneno mwenyewe, kampeni ya otomatiki inalidaka neno lilelile na unaendelea kulipa bila kujua, kwa hiyo huko liweke kwenye maneno hasi, ulinganifu kamili, kisha kesho yake hakikisha kwenye ripoti kwamba kliki zake ni sifuri kweli. Halafu wiki ya kwanza usiihesabu kabisa, kwa sababu mtu aliyekliki kabla hujazima bado anaweza kurudi kununua (Amazon wanampa muuzaji siku 7 za kuhesabu mauzo hayo kuwa ya tangazo). Bei usiguse, stoku isikatike, na kila siku andika nafasi yako ya bure. Ikianza kuporomoka, washa tena, maana mauzo ya tangazo ndiyo yalikuwa yanaishikilia.

5. Linganisha mauzo YOTE ya bidhaa. Sio ya tangazo peke yake. Tangazo likiwaka uliuza 50 kwa wiki mbili, lilipozimwa ukauza 40 na nafasi haikutikisika. Basi tangazo limeongeza 10 tu, wale wengine 20 wangenunua hata hivyo. Faida ya hao 10 ni 3,000, umelipa 6,000, hasara 3,000. Bidhaa inayouza vipande vichache kwa wiki usiipime hivi, tofauti ya mbili tatu inaweza kuwa bahati tu.

6. Ukikuta hasara, shusha dau, yaani kiasi unachokubali kulipa kwa kliki. Mimi sipendi kulizima neno moja kwa moja, dau nalipunguza nusu kwanza na zile hela nazipeleka kwenye maneno ambayo bado niko ukurasa wa pili.